Mchana bosi usimwambie konnichiwa: salamu za Kijapani kwa aliyelelewa na shikamoo

"Naondoka mwezi ujao kwenda Japani, mafunzo ya miezi sita kiwandani, mkoa wa Aichi. Nimeshika ohayo ya asubuhi, konnichiwa ya mchana na konbanwa ya jioni. Lakini mwenzangu aliyerudi ananiambia mchana bosi haambiwi konnichiwa, na eti usiku aliwasikia watu wakiambiana ohayo. Nimechanganyikiwa. Halafu shikamoo yao ni ipi?"

Mwenzako amekwambia kweli katika yote mawili, na chanzo chake ni kimoja. Kimejificha ndani ya maneno yenyewe. Ukishakiona, sehemu kubwa ya unayotaka kukariri itajipanga bila taabu. (Vokali ndefu za Kijapani nitaziandika kwa herufi mbili, kama tunavyoandika "kondoo". Mwishoni utaona kwa nini jambo hilo lina uzito.)

"Ohayoo" imetokana na "hayai", yaani -a mapema. Kijapani cha adabu ya juu kina desturi ya kulibadili umbo neno la sifa la namna hiyo na kulifungia "gozaimasu", neno la heshima lenye maana ya "ni". Kwa hiyo "ohayoo gozaimasu" asili yake ni kumwambia mtu kwa heshima kwamba amewahi, amedamka. Hata "arigatoo gozaimasu", asante, imeundwa kwa njia hiyo hiyo. Ukitaka kumpunguzia heshima rafiki au mdogo wako, unaiacha "gozaimasu" na kubaki na "ohayoo" tupu. Salamu moja, ngazi mbili.

"Konnichiwa" si neno la sifa. Ni mwanzo wa sentensi iliyokatwa mkia. "Konnichi" ni siku ya leo, na "wa" ni kiungo kinachotanguliza jambo linalozungumzwa, mfano wetu wa kusema "ama leo...". Zamani maneno yaliendelea: leo hali ya hewa hivi, leo hali yako vipi. Mkia ukaanguka, kichwa kikabaki kuwa salamu. Ndiyo maana kwa maandishi yao herufi ya mwisho ni "ha" inayosomwa "wa", kama kiungo hicho kinavyoandikwa mahali pengine pote. "Konbanwa" ni hivyo hivyo: "ama usiku huu...".

Sasa tazama linalotokea. Sentensi iliyokatwa haina mahali pa kuning'iniza "gozaimasu". Huwezi kuipandisha kwa ajili ya mkubwa wala kuishusha kwa ajili ya rafiki. Konnichiwa ina ngazi moja tu, nayo ni ya watu wa umbali wa wastani: jirani wa mtaani, mtu unayepishana naye njiani mlimani, mwenye duka unayemjua. Kwa bosi ni ndogo. Kwa mama yako mzazi ni ya mbali mno, na kweli Mjapani hamwambii mama yake konnichiwa wakiwa nyumbani. Kwa mwenzako wa kazini inamfanya aonekane mgeni, mtu wa nje ya kundi. Hapo ndipo inapochubua masikio, hata pale ambapo hakuna atakayekuambia.

Kiswahili hakijawahi kukuweka katika kona hiyo, kwa sababu sisi tumetenganisha kazi hizo mbili. Heshima imebebwa na shikamoo, ambayo haijui saa: alfajiri ni shikamoo, usiku ni shikamoo. Wakati umebebwa na "habari za asubuhi", "habari za mchana", "umeshindaje", na kule pwani sabalkheri na masalkheri. Ukikutana na mzee unaanza na ya kwanza, akishaitikia marahaba unaongeza ya pili. Zinapangwa moja juu ya nyingine. Mjapani ana nafasi moja tu, na neno linaloingia humo lazima libebe wakati na heshima kwa pamoja. Asubuhi neno hilo lipo. Mchana na jioni halipo, kwa hiyo kazini wameacha kuhesabu saa na kushika salamu ya namna nyingine.

Salamu hiyo ni "otsukaresama desu". Ndani yake mna "tsukare", uchovu, iliyovishwa heshima mbele na nyuma. Hii Mswahili huielewa upesi kuliko mwanafunzi wa lugha nyingi nyingine, kwa kuwa ni "pole na kazi" yetu. Inasemwa ukipishana na mtu kwenye korido, ukiingia chumba cha mapumziko, ukimpigia simu mwenzako wa kampuni hiyo hiyo, ukianza barua pepe ya ndani. Haisubiri mtu achoke kweli. Kuanzia katikati ya asubuhi, baada ya zile ohayoo gozaimasu kwisha, hiyo ndiyo salamu ya mchana kutwa kwa mkubwa na kwa mwenzako. Kazi ikishaisha inageuka wakati uliopita, "otsukaresama deshita", ingawa "desu" nayo utaisikia. Marafiki wa rika moja huikata: "otsukare".

Lakini hapa pana mtego ambao "pole na kazi" yenyewe inakutegea. Kuna neno la pili, "gokuroosama", lenye "kuroo", taabu. Ukilitafsiri unapata pole na kazi ileile. Matumizi yake hata hivyo yanashuka tu: mkubwa humwambia mdogo, au mwenye nyumba humwambia aliyemletea mzigo mlangoni. Mwanagenzi akimwambia mkuu wake gokuroosama ni kama kijana amwitikie mzee marahaba kabla hajapewa shikamoo. Mfunze ulimi wako neno moja tu, otsukaresama, na hilo lingine uwe unalisikia bila kulirudisha.

Wateja na watu wa kampuni nyingine nao usiwape otsukaresama, maana hawakufanya kazi pamoja nawe. Wao huambiwa "osewa ni natte orimasu", yaani tunashukuru mnavyotuhudumia na kututazama. Kiwandani hutaihitaji kila siku, lakini siku wakija wakaguzi kutoka nje utaisikia ikitamkwa na kila mtu.

Nije kwenye shikamoo. Hakuna neno moja la Kijapani linalofanya kazi yake, na usilitafute. Kilichopo ni umbo linalofanana nayo. Asubuhi mdogo ndiye anayeanza, na anasema kwa ukamilifu: ohayoo gozaimasu. Mkubwa anaweza kuitikia kwa ukamilifu huo huo, au akakata: ohayoo. Akikata, hajakudharau, ameketi mahali pake tu, kama mzee anavyoketi kwenye marahaba. Kosa ni wewe kumwiga. Vitabu vingi vya wanaoanza vinasema salamu ya Kijapani hujibiwa kwa neno lile lile, na kwa majirani ni kweli: konnichiwa kwa konnichiwa. Kwa mkubwa si kweli. Yeye akisema ohayoo, wewe unabaki kwenye gozaimasu yako, hata kama ndiye aliyetangulia kukusalimu.

Nani mkubwa? Hili ndilo litakalokusumbua zaidi, kwa kuwa macho yako yamezoea kutafuta mvi. Shikamoo inafuata umri, hata meneja kijana humwamkia mlinzi mwenye umri wa baba yake. Kazini Japani kinachotangulia ni cheo, na baada ya cheo ni nani aliingia kwanza. Aliyeajiriwa mwaka mmoja kabla yako ni "senpai" wako hata kama umemzidi miaka mitano, na ohayoo gozaimasu kamili ni haki yake. Umri haufutiki kabisa: fundi wa miaka sitini asiye na cheo utamsemesha kwa adabu kamili, na mkuu kijana mwenye busara hufanya hivyo pia. Ukiwa na shaka, panda. Gozaimasu ya ziada haijamuudhi mtu.

Tuipitishe siku moja. Kiwandani kazi ya zamu ya mchana mara nyingi huanza saa mbili asubuhi. (Wao husema saa nane, "hachi-ji", kwa sababu saa yao inaanza usiku wa manane na si machweo wala macheo, na tofauti hiyo ya saa sita inaweza kukuchelewesha kazini.) Unaingia chumba cha kubadilishia nguo, wamo watu sita. Husalimii mmoja mmoja wala kushika mikono. Unasema ohayoo gozaimasu mara moja, kwa sauti inayomfikia wa mwisho, na wote wanaitikia. Ukimkuta msimamizi wako mlangoni, unamtazama, unasema salamu mpaka mwisho, kisha ndipo unainama kidogo, kama nyuzi 15. Ukisema huku umeinama sauti inakwenda sakafuni, na ndiyo maana wafunzaji wa adabu za kazi husisitiza neno kwanza, kiwiliwili baadaye. Nyuzi 30 ni za mgeni na mteja, 45 ni za kuomba radhi au shukrani kubwa. Mgongo unabaki umenyooka, na macho yanashuka pamoja na kichwa.

Saa tatu unakutana na msimamizi yule yule karibu na mashine. Hamrudii ohayoo, hiyo ni ya mara ya kwanza tu kwa siku. Unainamisha kichwa kwa heshima, inatosha. Mswahili hapa hujisikia amekosa adabu, maana angesema "habari za tangu asubuhi". Usiongeze kitu.

Saa saba mchana mnapishana na mkuu wa kitengo, "kachoo". Otsukaresama desu. Ukiteleza ukasema konnichiwa, msikilize anavyojibu. Uwezekano mkubwa atasema "aa, otsukaresama", kwa upole kabisa. Jibu hilo ndilo sahihisho lako. Wajapani hawatamsahihisha mgeni usoni, ila hukurudishia neno lililopaswa, na hiyo ndiyo alama ya kuchunga wiki zako za mwanzo: kila mara unapotoa neno moja ukarudishiwa jingine, shika lile uliloletewa. Isipokuwa akiwa ni mkubwa na alichokata ni heshima tu, kama tulivyoona kwenye ohayoo.

Saa nane unaitwa ofisini kwake. Hapa unaihitaji hodi. Unagonga, unasubiri "doozo", ambayo ni karibu, kisha unaingia ukisema "shitsurei shimasu", naomba radhi kwa kukosa adabu. Tofauti na hodi yetu ni kwamba inasemwa hata ukishakaribishwa, na ukitoka inasemwa tena.

Jioni kazi yako imekwisha, wengine bado wanaendelea na kazi. Hutasema sayoonara, ambayo watu wazima kazini karibu hawaitumii. Ina harufu ya kuagana kwa muda mrefu, au ya watoto na mwalimu wao. Unasema "osaki ni shitsurei shimasu", naomba radhi ninatangulia. Wanaobaki wanakujibu otsukaresama deshita. Kesho ukibaki wewe, wewe ndiye unayejibu hivyo. Ukiondoka kimyakimya utakuwa umevunja adabu kuliko ukikosea neno.

Njiani kwenda bwenini unapishana na bibi wa nyumba ya jirani. Sasa konnichiwa yako imepata mwenyewe, au konbanwa kama giza limeingia. Giza, si saa. Dar es Salaam jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo masikio yetu yamefunga "jioni" na saa. Aichi mwezi Desemba jua linatua kama saa kumi na dakika arobaini jioni, na mwishoni mwa Juni linasubiri mpaka saa moja na dakika kumi. Saa kumi na moja na nusu jioni ni konbanwa Desemba na konnichiwa Juni. Upande wa asubuhi mpaka ni laini zaidi: baada ya saa nne ohayoo inaanza kuchosha, na ikifika saa tano jirani yako atakuwa kwenye konnichiwa.

Bibi huyo anaweza kukuuliza "odekake desu ka", unatoka? Hapo utajisikia nyumbani, kwa kuwa ni ule ule "wapi huko?" wetu ambao jibu lake ni "nafika hapo mbele tu". Na jibu lao ni hilo hilo neno kwa neno: "ee, chotto soko made". Hataki ratiba yako.

Usiku mkienda kulala ni "oyasuminasai", na kwa rafiki "oyasumi". Hii ni ya kuagana, kama alamsiki au lala salama, si ya kukutana. Usimpe mkuu wako saa mbili usiku anapotoka kazini. Yeye anaagwa kwa otsukaresama deshita.

Na ile ohayoo ya usiku? Katika kazi za zamu, mikahawa, majukwaa ya maigizo na vituo vya televisheni, anayeingia kazini saa tatu usiku mara nyingi husema ohayoo gozaimasu. Sasa sababu unaiona mwenyewe: konbanwa haina umbo la heshima, na ohayoo gozaimasu ndiyo pekee yenye wakati na heshima. Basi imeachishwa jua ikafungwa kwenye mwanzo wa kazi. Si kila mahali, hata hivyo. Zipo sehemu ambako zamu ya usiku nayo huanza kwa otsukaresama desu. Siku ya kwanza ya zamu ya usiku chelewa kwa sekunde mbili, sikiliza aliye mbele yako anasemaje, kisha ufuate.

Kuna jambo moja la kuacha nyumbani kabisa: kuuliza hali. Salamu yetu ni swali. Hujambo, habari, umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo? Asiyeuliza ana kiburi. Vitabu vinakupa "ogenki desu ka" kama tafsiri ya hujambo, na Mswahili mwenye adabu zake huigawa kila asubuhi kwa kila mtu. Kwa Mjapani hilo ni swali la kweli, la mtu mliyepoteana kwa wiki au miezi, au aliyekuwa mgonjwa. Unayemwona kila siku akiulizwa atasita, ataangalia kidogo pembeni, pengine ajiulize kama anaonekana mnyonge. Kusita huko ndiko kutakakokuonyesha kwamba umekosea. Ukimpata wa kuulizwa kweli, atajibu "okagesama de", ambayo kwa asili ni kama "kwa kivuli chako", na ni ndugu wa "alhamdulillahi, salama" kwa kazi yake.

Hamu yako ya kurefusha salamu ipeleke kwenye hali ya hewa. "Atsui desu ne", joto jamani. "Samui desu ne", baridi. Hizo zinajibiwa kwa kukubali tu, "soo desu ne", kisha kila mtu anaendelea na safari. Na dukani ukipigiwa "irasshaimase", ile karibu ya wauzaji, hujibu chochote. Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha.

La mwisho ni ulimi, na hapa Kiswahili kimekuachia urithi mzuri. Kijapani kinahesabu mapigo, na vokali ndefu ni mapigo mawili. "Ohayo" uliyoandika ina mapigo matatu. Yenyewe ina manne, o-ha-yo-o, na mwisho wake unauvuta kama mwisho wa shikamoo. Ila usiikazie silabi ya pili toka mwisho kama tulivyozoea, zote ziwe na uzito sawa. Kwenye "gozaimasu" ile u ya mwisho inafifia mpaka karibu isisikike. Konnichiwa ina mapigo matano, ko-n-ni-chi-wa, na ile n ya kwanza inasimama peke yake, sawa na n ya mwanzo katika "nne". Wageni wengi huimeza wakasema konichiwa. Wewe unaitamka tangu utotoni, basi iachie nafasi yake. Konbanwa nayo kwa sauti ni ko-m-ba-n-wa, kwa kuwa n ikikaribia b midomo inafunga ikawa m, na m hiyo inajitegemea kama ilivyo katika "mbu".